Jua la Kilwa Hutoka Baharini

Nachingwea haina bahari. Ruangwa nayo haina. Mkazi wa wilaya hizo mbili anayetaka kuona maji ya chumvi hushuka kwa Nanganga, akalifuata bonde la Lukuledi hadi Mnazi Mmoja, ndipo anapokaribia pwani ya Lindi. Hata hivyo, ofisi ya safari ikifunguliwa leo kwenye mtaa wa maduka pale Nachingwea, naweza kukutabiria bango lake la kwanza: ufuo mweupe kama chumvi, mnazi ulioinama, jua jekundu linalozama majini, na kijana mwenye begi mgongoni aliyetupa kisogo. Bango likikosa ufuo, litakuwa na mgunga wa umbo la mwavuli, twiga wawili na mlima wenye theluji. Anga, kwa vyovyote vile, itakuwa imewaka moto.

Picha za namna hiyo siku hizi hazipigwi, zinaagizwa. Mtu anafungua ChatGPT, Gemini au Midjourney kwenye simu, anaandika mstari mmoja, na dakika haijaisha akili mnemba imemletea picha. Sina ugomvi na chombo hicho. Mpiga picha wa kwenda naye Kilwa siku mbili ni gharama ambayo ofisi ya watu wawili haiwezi kuibeba kila msimu. Ugomvi wangu ni na ule mstari mmoja. Kwa kawaida unasomeka hivi:

```
Bango la kampuni ya utalii Tanzania, ufuo au wanyama,
anga ya kuvutia sana, msafiri, ubora wa juu
```

Agizo hili linashindwa kwa sababu inayotokana na jinsi programu zenyewe zilivyofundishwa. Zilipewa mamilioni kwa mamilioni ya picha zilizoandikwa maelezo, zikajifunza ni maneno gani huandamana na maumbo gani. Picha nyingi zenye neno Tanzania mtandaoni zimepigwa Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na Unguja, na wapigaji wengi walikuwa wageni waliofika kutalii. Kwa hiyo ukiandika Tanzania unapewa wastani wa picha hizo. Ukiandika Nachingwea, neno hilo limeonekana mara chache mno kuweza kubadilisha kitu, na programu inarudi kwenye wastani uleule. Jina la mahali halifanyi kazi kwenye agizo kama linavyofanya kazi kichwani mwa mtu aliyezaliwa pale. Kinachofanya kazi ni vitu vinavyoonekana kwa macho: majani ya rangi gani, udongo wa rangi gani, jua limekaa upande gani.

Neno la kusifu ndilo dhaifu kuliko yote. "Anga ya kuvutia sana" haisemi ni mawingu gani, wala mwanga unatoka wapi. Programu itachagua rangi ya chungwa na zambarau kwa sababu ndizo zinazosifiwa zaidi mtandaoni, na bango lako litafanana na la ofisi ya Bali.

Tuchukue basi ofisi hiyo ya Nachingwea tuifanyie kazi bango lake hatua kwa hatua. Swali la kwanza halihusu picha. Ni lini watu wa huko wana fedha za kusafiri? Jibu analijua kila mtu kuanzia Liwale hadi Ruangwa: ni baada ya minada ya korosho kuanza mwezi wa kumi, pale chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, ambacho jina lake limeunganishwa kutoka Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kinapoanza kuuza na malipo yanapoanza kuingia kwenye akaunti za wakulima. Bango linapaswa kuning'inia Oktoba na Novemba. Hilo peke yake limeshaamua anga ya kwenye picha, kama tutakavyoona.

Swali la pili ni ufuo au wanyama, na hapa naegemea upande mmoja bila kuona haya. Wanyama wapo. Pori la Selous liliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1982, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Upande wa Liwale ni jirani kabisa, na wakulima wa huko na wa Nachingwea wanawafahamu tembo kuliko mtalii yeyote, maana huwakuta shambani usiku. Lakini nchi hiyo ni ya miombo, misitu ya miti inayosongamana hata mnyama mkubwa akapotea hatua chache kutoka barabarani. Ina palahala na mbwa mwitu ambao kaskazini ni nadra kuwaona, na ina mbung'o. Twiga wa Selous wanajulikana kukaa kaskazini ya Mto Rufiji. Kusini ya mto huo, hadi Liwale, huwakuti. Bango la Nachingwea lenye twiga linauza kitu ambacho upande huu wa mto hakipo. Mteja mkulima, aliyelipia kiti kwa fedha za korosho, atakuja kaunta kuuliza, "Mama, wale twiga tunawakuta wapi?" Na huyo mama hatakuwa na jibu.

Ufuo ni ahadi inayotimizika. Bahari haijifichi vichakani. Nimechagua Kilwa Masoko kwa sababu safari yake inaingia siku mbili au tatu, na kwa sababu ng'ambo tu ya maji ipo Kilwa Kisiwani, iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 1981, na Msikiti wake Mkuu wa mawe ya matumbawe na magofu ya Husuni Kubwa. Mwalimu aliyefundisha historia ya Kilwa miaka ishirini bila kuiona ni mteja mzuri kuliko mtalii wa kufikirika mwenye begi mgongoni.

Sasa jua. Pwani yetu ya kusini inatazama mashariki. Kilwa, Lindi na Mtwara, jua hutoka upande wa bahari kuu na kuzama upande wa bara. Jua linalozama baharini utalipata Unguja upande wa magharibi, kwa sababu kisiwa kina pwani mbili. Mkoa wa Lindi una moja. Picha nyingi za ufuo duniani zinazoitwa nzuri ni za machweo, kwa sababu watalii wengi wanalala hadi saa mbili, na programu imejifunza kutoka kwao. Usipoisahihisha itakuletea machweo. Rangi za mawio na machweo zinakaribiana, na mtu atasema hakuna atakayejua. Mvuvi wa Kilwa atajua kwa kutazama mara moja: ngalawa zimetua ufuoni kama watu wamemaliza kazi, na hakuna anayetoka.

Novemba Kilwa jua linachomoza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kusini kidogo ya mashariki kamili. Usiandike hiyo saa kwenye agizo. Programu hizi zimezoea saa za Kizungu, na "saa kumi na mbili" yaweza kugeuka usiku wa manane au mchana wa jua la utosi. Eleza jua lilipo: limeinuka kidogo juu ya upeo wa bahari, upande wa kulia wa picha. Vivuli vitarefuka vyenyewe kuelekea kushoto, na ukiona vimeelekea kwingine, umepata kosa la kwanza la kusahihisha.

Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mwezi wa kumi na mmoja bara ya Lindi joto linapanda tangu asubuhi, na alasiri mawingu meusi yanasimama kama minara, mara nyingi bila kunyesha. Huu ndio wakati wa anga yenye vishindo, na hauhitaji chumvi ya programu. Miombo nayo huwa imechipua kabla ya mvua, majani mapya yakiwa mekundu na ya rangi ya shaba. Juni na Julai hakuna kitu hicho: anga ni tupu na safi, na ukiweka mawingu ya radi juu ya mikorosho inayotoa maua umechanganya miezi. Agosti na Septemba kuna moshi wa mashamba yanayochomwa, unaolifanya jua la jioni kuwa duara jekundu unaloweza kulitazama kwa macho. Ni picha nzuri, ila inasema kitu kingine.

Mwanga ndio unaowaangusha wengi. Ardhi inayong'aa mbele ya wingu jeusi, picha ambayo kila mtu aliyesafiri kati ya Masasi na Nachingwea alasiri ya Novemba ameiona, hutokea kwa sababu jua liko nyuma yako na wingu liko mbele yako. Programu hupenda kuweka jua ndani ya wingu lile jeusi mbele, kisha inamulika pia uso wa mtu, kitenge chake na mchanga ulio mbele yake. Hapo kuna majua mawili. Mtazamaji hawezi kukuambia kosa ni nini, lakini atahisi picha imetengenezwa. Kwa ufuo wa asubuhi, jua likiwa mbele kabisa ya msafiri, mtu anayetazama bahari anakuwa kivuli cheusi na rangi za kitenge zinapotea. Suluhisho ni lile la wapiga picha: sogeza jua ubavuni. Mwanga wa pembeni unashika bega na shavu, kitambaa kinabaki na rangi, na mawingu juu ya bahari yanawaka chini kwenye kingo zake.

Nifungue mabano. Nachingwea imeshawahi kuuzwa kwa picha iliyochorwa na watu wa mbali. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, ukarudi London na picha ya mashamba makubwa ya karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ikaanza mwaka 1947. Reli ikajengwa kutoka pwani, visiki vya miti vikavunja mitambo, na mpango ukatelekezwa mwaka 1951. Reli nayo iling'olewa baadaye. Kutoka angani miombo inaonekana kama kichaka laini. Nafunga mabano.

Msafiri sasa. Neno "msafiri" likiachwa peke yake hurudi na kijana Mzungu mwenye kofia ya majani, au Mmasai mwenye shuka nyekundu kama ameombwa asimame pale. Ofisi ya Nachingwea inawauzia watu wa Nachingwea na Ruangwa: Wamwera, Wamakua, Wayao, Wamakonde na watumishi waliohamishiwa huko. Mpe msafiri umri, vazi, kitu mkononi na jambo analolifanya. Mama wa miaka hamsini aliyevua viatu na kuvishika mkononi, akikanyaga maji kwa mara ya kwanza, anaeleza safari nzima bila maandishi. Mweke theluthi moja ya picha kutoka kulia, akiangalia kuelekea kushoto, ili macho yake yaelekee pale maandishi ya ofisi yatakapokaa. Mwoneshe kwa ubavu au kwa nyuma, kwa sababu ya hekima ya kawaida: uso uliotungwa unaweza kufanana na mtu halisi wa mjini, na Nachingwea ni mji mdogo.

Agizo likikamilika linakuwa hivi. Programu za mazungumzo zinalipokea kwa Kiswahili, ila maneno ya pwani yasiyojulikana sana nimeyaeleza kwa umbo lake, kwa kuwa "ngalawa" peke yake yaweza kuleta mashua ya aina yoyote.

```
Picha halisi ya kamera, mlalo. Asubuhi mapema, ufuo unaotazama
mashariki. Jua liko chini, kulia, juu kidogo ya bahari; vivuli
virefu kuelekea kushoto. Mawingu mazito ya kijivu juu ya bahari,
kingo zake za chini zimewaka dhahabu.
Maji yamekupwa, mchanga wa njano-kijivu uliolowa, mikoko mbali
kushoto. Mtumbwi mwembamba wa mti wenye mabawa mawili ya mbao
pembeni na tanga moja la pembetatu.
Theluthi ya kulia: mama Mwafrika wa miaka 50, kitenge cha
buluu na njano, viatu mkononi, anatembea kwenye maji ya kifundo,
anatazama kushoto, anaonekana kwa ubavu.
Kushoto anga tupu bila kitu. Usiweke maandishi yoyote.
Mambo yote muhimu yawe katikati ya kimo cha picha.
```

Angalia kwamba hakuna neno la sifa hata moja. Angalia pia kwamba sikuandika "usiweke twiga wala mlima". Programu za picha mara nyingi hushika jina la kitu na kupoteza neno la kukataa, na twiga aliyekatazwa akajitokeza. Midjourney ina sehemu maalumu ya kukataa, `--no`, na ya vipimo, `--ar 3:1`. Kwa nyingine, ni bora kutotaja kabisa usichokitaka, isipokuwa maandishi, ambayo huja yenyewe usipoyazuia. Na maandishi ya Kiswahili yanayoandikwa na programu hizo bado huja yamekosewa mara kwa mara, "Kariku Klwa" na vioja vya namna hiyo. Jina la ofisi, bei na simu viongezwe baadaye kwenye programu ya usanifu, kwa herufi halisi.

Mstari wa mwisho wa agizo unahusu turubai. Bango la nje ni mita 3 kwa 1, na picha ya mlalo ambayo programu hutoa mara nyingi ni nukta 1536 kwa 1024. Ili ikae kwenye umbo la tatu kwa moja, nusu nzima ya kimo inakatwa, inabaki 1536 kwa 512. Kama kichwa cha mama kilikuwa juu, kimekwenda. Kisha gawa mita 3 kwa nukta 1536: kila nukta itakuwa na upana wa karibu milimita 2. Ng'ambo ya barabara hakuna atakayeona, lakini aliyesimama mlangoni ataona vijisanduku. Programu ya kukuza picha mara nne inashusha hiyo hadi nusu milimita, na hapo mchapaji hatalalamika. Kukuza nako ni kubuni: mawingu na mchanga hukuzwa vizuri, vidole na kamba za viatu huharibika. Kuza kwanza, ndipo ukague.

Kukagua kuna mpangilio wake. Anza na mstari wa upeo wa bahari: ufuatilie kutoka kushoto hadi kwa mama, kisha uendelee upande wa pili wa mwili wake. Programu hukosea hapo sana, bahari ikawa juu zaidi upande mmoja wa mtu kuliko mwingine. Halafu vivuli vyote na jua. Halafu tanga: upepo ulioonekana kwenye kitenge uwe uleule unaojaza tanga. Halafu mkono ulioshika viatu. Kilichokosewa kitajwe peke yake, ukiomba kirekebishwe bila kugusa vingine. Ukianza agizo upya unapoteza na yale yaliyokuwa sawa.

Hadi hapa tuna picha inayoweza kuwa Kilwa. Siyo Kilwa. Ufuo ule haupo mahali popote, na hili ndilo linalonifanya niweke mpaka ambao wenzangu wa biashara ya utalii hawataupenda. Picha iliyoagizwa itumike kwa bango linalosema "Safari za pwani msimu huu". Bango linalosema "Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani" na bei chini yake litumie picha iliyopigwa. Usiagize magofu. Programu itakutengenezea msikiti wenye minara ambayo wajenzi wa Kilwa hawakuijenga, na mteja aliyevuka maji kuutafuta ana haki ya kuuliza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha mteja, na haibagui kama upotoshaji umefanywa kwa maneno au kwa picha. Hoteli nayo ni vivyo hivyo: chumba, kitanda na bwawa la kuogelea vipigwe picha vilivyo. Kwenye kona ya bango la anga na mama yetu, kwa herufi zinazosomeka, iandikwe kwamba picha imetengenezwa kwa akili mnemba.

Wataniambia maandishi hayo yanafukuza wateja. Sidhani. Mkulima wa Ruangwa aliyezoea kusimama kwenye mizani ya ushirika akihesabu kilo zake hafukuzwi na maelezo. Anafukuzwa na kilo zilizopungua. Na ofisi yenye gari linalokwenda Kilwa kila msimu ina njia rahisi kuliko agizo lolote: kumwomba dereva asimame ufuoni asubuhi mapema, jua likiwa kulia kwake, apige picha kumi kwa simu. Mwaka wa pili bango halitahitaji kuagizwa. Na mama aliye kwenye picha atakuwa mteja wa mwaka wa kwanza, aliyeombwa ruhusa na akakubali.